Mmeungana leo, leo hii anakuomba kazi: unamjibuje?

Nafanya kazi kwenye ofisi ya uwakala wa forodha hapa Tanga, nimeandika hivyo kwenye LinkedIn, na hilo neno bandari kwenye profaili yangu ndo linavuta watu. Tangu gati lichimbwe kina na meli kubwa zianze kufunga pale pale badala ya kushusha mzigo kwenye matishari katikati ya maji, halafu na hili bomba la mafuta la kutoka Hoima linaloishia kwetu Chongoleani likitajwa kila siku, basi kila aliyesoma lojistiki, uhasibu, udereva, hata unesi, anaona Tanga kuna kazi, anatafuta mtu aliyepo Tanga anaomba kuungana naye. Mi nakubali, maana hata mimi nilianza kwa kukubaliwa na watu wasionijua. Sasa ukikubali tu, haipiti muda meseji imeingia: anaomba kazi, au anauza kitu.

Zamani nilikuwa najibu vizuri kwa adabu zote, na hiyo adabu ndo ilimuumiza mtu. Kijana mmoja wa Korogwe aliniandikia usiku, nikamjibu vile tunavyojibu wote, "sawa mdogo wangu, tuma CV, nikisikia kitu ntakustua". Nikalala, nikasahau. Baada ya kama miezi mitatu natoka ofisini mchana, mlinzi ananiambia dada kuna mgeni wako yupo hapa getini tangu asubuhi. Namkuta kijana kavaa shati jeupe limepigwa pasi vizuri, kashika bahasha ya kaki, kaja na basi la alfajiri. Akanisalimia, nikamuuliza we nani, ndo akanikumbusha. Akasema, "Dada nilikuwa nasubiria uliponiambia, nilipata kazi ya ghalani Mombo nikaiacha, nikaona nisije nikaanza kule halafu wewe ukanistua." Mimi sikuwa na kazi ya kumpa siku ile aliyoandika wala siku aliyokuja, na nilijua hivyo tangu mwanzo. Nilimwambia ntakustua kwa sababu kusema hapana niliona ni kumkatili.

Kwahiyo huu mwongozo naandika kwa ajili ya wenzangu mnaopokea hizi meseji, hasa za kazi, maana hizo ndo ngumu. Za biashara nitazigusa mbele huko, hizo ni nyepesi.

Hatua ya kwanza: isome meseji mara mbili kabla hujashika kibodi

Usijibu ukiwa kwenye foleni ya benki au katikati ya kazi, hapo ndo unaandika "sawa tuma CV" ili yaishe. Iache mpaka utulie. LinkedIn inaweza kumwonesha kwamba umeshaisoma, hilo linakupa presha, sasa nenda kwenye Settings utafute Read receipts and typing indicators uzime, hapo hataona kama umefungua wala kama unaandika, na wewe hutaona yake.

Ukitulia fungua profaili yake, dakika mbili zinatosha. Unatafuta kitu kimoja tu: huyu kaniandikia mimi, au kaandika meseji moja anamwaga kwa kila aliyekubali? Utajua. Anayekuandikia wewe atataja kitu chako, ofisi, mji, kazi unayofanya. Anayemwaga atakuita bwana mkubwa kwa Kiingereza wakati picha yako ni mwanamke kavaa mtandio, atasema "kampuni yenu tukufu" bila jina, na ukiangalia saa utakuta meseji imeingia sekunde ile ile uliyokubali. Hiyo ya sekunde ile ile mara nyingi hata mtu hayupo, ni programu imeandikiwa itume yenyewe, jambo ambalo LinkedIn wenyewe wanalikataza kwenye masharti yao, ila watu wa mauzo wanaitumia sana.

Kwa anayeomba kazi usimhukumu haraka kwa kumwaga meseji. Mtu aliyetuma maombi mwaka mzima bila hata jibu moja hana nguvu ya kumwandikia kila mmoja barua yake. Naye nitamjibu, ila jibu langu litakuwa fupi kama meseji yake ilivyokuwa ya watu wote.

Na angalia umri, jamani. Usiandike "mdogo wangu" kabla hujaangalia mwaka aliomaliza shule. Niliwahi kumjibu mtu hivyo, kumbe mzee wa watu kamaliza kidato cha nne mwaka 1988, kapunguzwa kazi kiwandani, kaingia mtandaoni kafundishwa na binti yake. Alinijibu kwa upole tu, lakini niliona aibu mpaka leo. Kwa mtu kama huyo shikamoo inatoka kwako kwanza, ndo uendelee na mengine, na hata hapana yako inamfikia ikiwa na heshima yake.

Hatua ya pili: jiulize wewe una nini cha kumpa

Hapa ndo wengi tunateleza, tunajibu kabla hatujajua tunatoa nini. Mi nimejiwekea vitu vitatu ninavyoweza kumpa mtu nisiyemjua. Naweza kumwambia ukweli kuhusu nafasi, ipo au haipo na anayeajiri ni nani. Naweza kumwambia kazi yetu inadai nini, maana hilo nalijua na yeye halijui. Na nikiwa na nafasi naweza kumsomea CV mara moja. Basi.

Kumdhamini simo. Kumpelekea mtu tangazo la kazi ni kitu kimoja, kumpeleka yeye kwa bosi ukasema "huyu kijana mzuri" ni kitu kingine kabisa, hapo umeweka jina lako kwa mtu ambaye hujawahi kumuona hata akifunga boksi. Kwenye uwakala wa forodha mtu akikosea tarakimu kwenye nyaraka, mzigo unakaa bandarini, gharama ya kukaa inapanda kila siku, na mteja anauliza nani alimleta huyu. Kama bosi mwenyewe ameniuliza kuna mtu unamjua, namtumia ile CV na namwandikia wazi: huyu simfahamu, aliniandikia tu mtandaoni, muiteni mumuone wenyewe. Hiyo imemsaidia kijana na haijamdanganya bosi.

Hatua ya tatu: andika jibu lenyewe

Nionyeshe moja la kweli, nimebadilisha vitu vichache asijulikane. Meseji ilikuja hivi:

"Shikamoo dada. Asante kwa kukubali ombi langu. Nimemaliza diploma ya lojistiki 2023, naishi Muheza. Nimeona uko kwenye mambo ya forodha Tanga. Naomba kama kuna nafasi yoyote hapo kwenu hata ya kujitolea unisaidie dada yangu, niko tayari kwa kazi yoyote. Nimeambatanisha CV na vyeti vyangu."

Angalia, kataja forodha, kataja Tanga, kaniita dada, kasalimia. Huyu kaniandikia mimi. Tatizo lake ni yale maneno "nafasi yoyote" na "kazi yoyote", anadhani yanamfanya aonekane mnyenyekevu, kumbe anayesoma hajui amuweke wapi. Nilimjibu:

"Marahaba mdogo wangu, asante kwa salamu. Nimesoma meseji na CV yako. Ofisini kwetu sasa hivi hakuna nafasi, na mimi siajiri, anayeajiri ni mkurugenzi. Kwahiyo usinisubiri mimi, ukipata sehemu nyingine chukua. Kitu kimoja nikwambie: ofisi nyingi za uwakala zikitafuta mtu wa nyaraka zinauliza kama ana cheti cha EACFFPC, kwako sijakiona. Ulizia Chuo cha Kodi Dar wakwambie utaratibu na ada. Pia kwenye CV umeandika 'nilifanya fildi bandarini', hiyo haisemi kitu, andika ulikuwa unafanya nini kila siku. Ukirekebisha nitumie, nitaisoma mara moja na kukurudishia kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo. Zaidi ya hapo sitaweza."

Nimechukua kama dakika saba hivi kuandika hiyo. Sasa nieleze kwa nini imekaa vile.

Hapana imekaa mwanzoni, baada tu ya salamu. Ukianza na maneno mazuri, "una sifa nzuri sana, nimevutiwa na CV yako", yeye anasoma moyo unadunda, akifika kwenye "lakini" anaona kama umemdondosha kutoka juu. Tena wengine hawafiki, wanasoma mstari wa kwanza kwenye notifikesheni wanampigia mama simu.

"Usinisubiri mimi" ndo mstari ninaoujali kuliko yote. Nimeuweka kwa ajili ya yule wa Korogwe. Kiswahili chetu kina maneno mengi ya kumuacha mtu njiani: tutaangalia, ntakucheki, inshallah tutaona, subiri kidogo. Sisi tunaoyasema tunajua maana yake ni hapana, ila mtu asiye na kazi anayasikia kama ndiyo inakuja. Inshallah iseme pale ambapo kweli unakusudia kufanya kitu.

Halafu nimempa kitu kimoja cha kazi yetu, kile cheti. Cheti cha EACFFPC ni cha Afrika Mashariki nzima kwa watu wa forodha na usafirishaji mizigo, na mtu aliyemaliza diploma ya lojistiki anaweza kukaa mwaka mzima anaomba kazi za uwakala bila kujua kwamba anawekwa pembeni kwa sababu ya hicho. Kama we uko kwenye benki au hoteli au hospitali, kuna kitu chako kama hicho, ambacho ndani mnakijua wote na nje hakuna anayekisema. Hicho ndo umpe. Usimpe "jiamini, usikate tamaa, endelea kupambana", hayo anayo tayari.

Na ahadi niliyotoa ina idadi na ina siku. Mara moja, kabla ya Jumamosi. Mtu akijua mwisho wake hakusumbui, anayesumbua ni yule uliyemwachia mlango nusu wazi.

Kwa yule aliyemwaga meseji ya watu wote, natuma mistari mitatu niliyoihifadhi kwenye noti za simu, nabadilisha salamu tu: "Marahaba. Ofisini kwetu hakuna nafasi na mimi siajiri, hivyo usinisubiri. Ukitaka kazi ya bandarini yenyewe, Mamlaka ya Bandari ni taasisi ya umma, nafasi zake ziangalie kwenye portal.ajira.go.tz, hazipitii kwa mtu. Kazi njema." Hiyo anwani ya Sekretarieti ya Ajira weka kila mara, utashangaa wangapi wanaomba kazi za serikali kwa watu binafsi inboksi wakati hata akaunti kwenye ule mfumo hawajafungua.

Akirudi tena

Atarudi. Karibu wote wanarudi mara moja. "Dada naomba basi namba ya mkurugenzi." Namba ya mtu mwingine haitolewi bila yeye kuulizwa, hata kama unaiona kwenye simu yako hapo. Namjibu, "Namba yake siwezi kuitoa bila ruhusa yake. Maombi yanapelekwa ofisini kwa barua." Akirudi mara ya tatu na jambo lile lile sijibu tena, sina hasira naye, ila nimeshasema yote na nikianza kuyarudia kwa maneno mapya atadhani kuna kitu kimebadilika.

Kwa wanawake wenzangu: kuna anayeanza na kazi, siku ya pili anauliza umeolewa, siku ya tatu anasema una macho mazuri. Huyo hakuwahi kuomba kazi. Usimweleze wala usimfundishe adabu, kwenye mazungumzo yenu kuna vidoti vitatu juu, bonyeza, chagua Report/Block, umemaliza.

Zile karatasi anazokutumia

Hili nalisema kwa urefu kidogo kwa sababu sijaona watu wakilijali. Yule wa Muheza alituma CV, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na picha ya kitambulisho cha NIDA, vyote kwa mtu ambaye wameungana jana. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na zile 8 za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa, mwaka, mwezi, siku. Ongeza jina kamili na namba ya simu iliyopo kwenye CV, tapeli ana pa kuanzia kabisa, anaweza kukupigia anajifanya mtu wa ofisi fulani anakusomea taarifa zako mwenyewe ukamwamini.

Kwahiyo nikipokea, CV naisoma, hizo nyingine nazifuta kwenye simu, na namwambia: "Vyeti na kitambulisho nimevifuta, usimtumie mtu usiyemjua. CV peke yake inatosha mpaka uitwe kwenye usaili. Na namba ya NIDA itoe kwenye CV." Wengi hawajawahi kuambiwa.

Na wewe unayepokea, usiiforwadi kwenye grupu la WhatsApp la "kazi Tanga" ukidhani unamsaidia. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na taarifa za mtu kimsingi unazitumia kwa lile alilokubali. Muulize kwanza, "naweza kumtumia fulani CV yako?" Akisema ndiyo, tuma kwa huyo fulani, basi.

Kuna jingine. Watu ulioungana nao wanaweza kuona orodha ya watu wako, na kama hujafunga wanaona na barua pepe yako. Tapeli anapenda sana hiyo orodha. Anaungana na wewe leo, kesho anawaandikia vijana waliopo kwenye orodha yako, "dada fulani wa bandari kanipa jina lako, kuna nafasi za bomba Chongoleani, tuma elfu thelathini ya fomu". Kijana akikuona kwenye orodha yake anaamini. Ingia Settings, sehemu ya Visibility, utakuta Connections, funga orodha ibaki yako peke yako, na hapo hapo kuna Who can see or download your email address, punguza. Na kila ninayemjibu namwongezea mstari mmoja: sijamtuma mtu, na anayekuomba hela ya fomu, ya usaili au ya vipimo ili upate kazi, huyo ni mwizi. Ikija kwa meseji ya kawaida ya simu aitume kwenda 15040, hiyo ndo namba ya kuripoti utapeli wa meseji.

Sasa wanaouza

Hawa sina huruma nao kama hao wa kazi, ila nao ni watu wako kazini, wengine ni vijana wanalipwa kwa kamisheni tu. Tofauti ni kwamba kwa muuzaji hapana fupi ndo zawadi, haimpotezei muda.

Kosa letu kwao ni kunyamaza. Tunanyamaza tukidhani atachoka, kumbe kama anatumia ile programu ya kutuma yenyewe, programu imepangwa: siku ya kwanza meseji, baada ya siku chache "naona hukupata nafasi ya kunijibu", baada ya wiki nyingine tena. Nyingi ya hizo programu zinasimama mtu akijibu, hata akijibu neno moja. Kwahiyo hapana yako ya sekunde kumi inakuepusha na meseji tatu. Ila iwe hapana kweli. Ukiandika "kwa sasa hapana" au "labda baadaye", anakuweka kwenye daftari la kukurudia, na ana haki, maana we mwenyewe umemwambia baadaye.

Hivi: "Habari kaka. Asante, programu ya kufuatilia magari hatuhitaji, tunayo na hatubadilishi. Usihangaike kunifuatilia. Biashara njema."

Kuna mara moja moja anauza kitu unachokihitaji kweli. Mwezi fulani aliniandikia mtu wa matairi ya foklifti wakati yetu moja imebaki pembeni ya ghala tairi limekatika. Hapo usikimbilie kufurahi. Alitaka tuongee kwa simu, nikakataa, nikamwomba aniandikie hapo hapo mambo manne: saizi aliyonayo kwa namba iliyoandikwa kwenye ubavu wa tairi, bei ikiwa na VAT ndani, mzigo uko wapi sasa hivi, Tanga au Dar au bado uko China, na jina la kampuni kama lilivyosajiliwa. Anayeuza kweli anajibu hayo kwa nusu saa. Jina nikaliingiza kwenye mfumo wa BRELA wa mtandaoni, lipo. Bei yake ikawa nafuu kidogo tu kuliko ya tuliyemzoea, nikampeleka kwa mtu wa manunuzi, yeye akaendelea na utaratibu wake wa kuomba bei tatu. Mimi nikatoka hapo.

Nilitoka kwa sababu ile jioni aliniandikia, "dada yangu ikipita hii na wewe utapata chochote kitu". Wanasema hivyo kama wanakupa soda. Sheria yetu ya rushwa ya 2007 haiwahusu watumishi wa umma peke yao, mfanyakazi wa kampuni binafsi akichukua kitu ili apendelee kwenye shughuli za mwajiri wake naye inamhusu. Na ikishaandikwa inboksi imebaki imeandikwa. Nilimjibu mstari mmoja, "Kaka mimi sichukui chochote, hilo jambo liishie kwa mtu wa manunuzi", nikapiga picha skrini nikamwonesha bosi siku ile ile, kabla haijaja kusemwa na mtu mwingine kwa namna nyingine. Usinyamaze kwenye hili, ukinyamaza yeye anaelewa umekubali.

Yupo pia anayeuza kwa kujificha, na huyu ndo anakula muda. Anaanza kwa kukusifia, anauliza "naomba dakika kumi na tano nijifunze kutoka kwako", ukipiga simu kumbe ni foreksi au bima au ile mitandao ya kuuza virutubisho. Dawa yake ni swali moja kabla ya simu: "Karibu. Unataka kuuliza nini hasa? Niandikie hapa nitakujibu hapa hapa." Mwanafunzi anayetaka kujifunza ataleta maswali yake, tena mengi. Muuzaji atasema ni vizuri tukiongea kwa sauti, hapo umeshajua.

Kupanga muda wako

Mi nazijibu Alhamisi jioni, nusu saa, baada ya magharibi kahawa ikiwa mezani. Zikiwa nyingi kuliko nusu saa, waliotaja kitu changu wanaanza, wa meseji ya watu wote wanafuata, wauzaji mwisho. Asiyejibiwa wiki hii anajibiwa ijayo, na anastahili neno "samahani nimechelewa". Anayezidi mipaka namtoa, unaingia profaili yake, More, halafu Remove connection, hapewi taarifa kwamba umemtoa, na kama mlishaandikiana mazungumzo yanabaki kwako.

Usikubali maombi ya kuungana zaidi ya unavyoweza kujibu. Hili nimelichelewa. Nilikuwa nakubali yote ya wiki kwa mpigo Jumapili usiku, Jumatatu asubuhi naamka na inboksi kama stendi ya Kange siku ya kuamkia Idi. Siku hizi nakubali watano watano, nikimaliza kuwajibu nakubali wengine.

Yule wa Muheza alirudisha CV siku ya nne. Pale kwenye fildi sasa ameandika, "Nilikuwa nalinganisha namba za kontena na namba za lakiri kwenye hati ya kutoa mzigo, kontena 30 hadi 40 kwa zamu, nikiandika tofauti kwenye daftari la msimamizi." Nilimrudishia Ijumaa na jambo moja tu: aongeze ni tofauti ngapi alizikuta, na nini kilifanyika alipoziandika.